Mama asiambiwe ana kansa?

"Mama kakutwa na kansa ya shingo ya kizazi, ana presha, sisi watoto tumekubaliana asiambiwe ila daktari hataki. Nani yuko sahihi?"

Daktari naye kaanza vibaya, kwa nini majibu aliwapa nyie koridoni kabla ya mwenyewe? Vurugu nyingi za hivi nilizoziona wodini zinaanzia hapo. Halafu hofu yenu naielewa, maana neno kansa kwa wengi ni kama kusomewa hukumu, na kwetu kuugua si jambo la mtu mmoja, kaka analipia vipimo, dada anapika uji, unawaambiaje hayawahusu? Wala si ushamba wetu, Marekani kwenyewe utafiti wa 1961 ulikuta karibu madaktari 9 kati ya 10 hawapendelei kumwambia mgonjwa, ilipofika 1979 ndo 97 kati ya 100 wakawa wanapendelea kusema.

Ila hapa Dar siri hiyo mtaifichia wapi? Mtampeleka Ocean Road, na mji mzima unajua Ocean Road ni saratani. Akikaa kwenye benchi jirani yake atamuuliza, mwenzangu yako iko wapi? Akipangiwa mionzi ya nje mara nyingi ni siku tano kwa wiki, wiki kama tano hivi, kisha ya ndani, sasa mtamwambia anatibiwa fangasi?

Kuna bi mkubwa mmoja wanawe walimwambia ni kidonda tu cha uzazi. Wiki ya tatu tumbo likaanza kumwendesha, amechoka hoi, na kwa kuwa hakuna aliyemwandaa kuwa mionzi ya nyonga inafanya hivyo akagoma kurudi. Jioni akaniambia, "Funga mlango mwanangu. Mimi najua ni kansa, tangu siku ya kwanza. Usiwaambie wanangu kama najua, watalia." Yaani nyumba nzima inafichana kitu kimoja, na yeye ana kiwanja Chanika anataka kukiandikisha na hana wa kuongea naye.

Kwa hiyo mie niko upande wa daktari, ila si kwa kumvamia mama na habari. Wapo kweli wasiotaka kujua, na hiyo ni haki yao, tatizo ni nyie kumwamulia. Muulizeni, daktari akiwepo: "Mama, majibu yametoka, nikueleze yote au niongee na unayemwamini?" Akisema ongea na mwanangu wa kwanza, sawa, hapo ruhusa katoa mwenyewe, ingawa matibabu atakayofanyiwa na madhara yake bado aelezwe ndo asaini. Presha mpimeni kabla, akae, asiwe peke yake. Na akiuliza "ni kansa?" jibu ni ndiyo mama, na hapo hapo aambiwe iko hatua gani na matibabu yanaanza lini.