Nukta kabla ya mabano, jamani!

Nimetoka steshenari hapa Ngamiani, Tanga, kuprinti upya kurasa sita za ripoti sababu ya nukta tu. Aliyenichapia kila nukuu kaifunga na nukta, mabano yamebaki nyuma yanaelea:

“Mkonge hukatwa kwa mkono.” (Mwandishi, 2019, uk. 14)

Sasa hayo mabano ni ya sentensi ipi? Kwa APA, ule mtindo wa kutaja vyanzo kwenye maandishi, unafunga nukuu, unaweka mabano, nukta ndo inafunga mlango:

“Mkonge hukatwa kwa mkono” (Mwandishi, 2019, uk. 14).

Na koma hivyohivyo, inasubiri mabano yapite. Nukuu ya maneno 40 na kuendelea tu, ile inayojitenga bila alama za nukuu, ndo nukta inatangulia, sasa mtu kaiona hiyo moja basi kazigeuza zote, inaudhi kwa kweli!