Grafu ya hamira inapolala: vimeng'enya vimejaa, au beseni limepoa?

"Mwalimu, nimeweka hamira kwenye maji ya sukari, asilimia 1 hadi 25. Gesi iliongezeka, halafu grafu ikalala, mwisho ikashuka. Niandike kwamba vimeng'enya vimejaa, au kuna zaidi?"

Aliyeuliza ni mwanafunzi wa kidato cha sita, na bahati nzuri alikuja na daftari lake. Alikuwa na chupa saba. Kila moja ilipewa gramu 1 ya hamira kavu ya dukani na mililita 50 za maji ya sukari ya mezani, ikawekwa kwenye beseni la maji ya nyuzi joto 35, na mrija ukapeleka gesi kwenye bomba la sindano la mililita 60. Alisubiri dakika 10 hamira iamke, kisha akapima gesi ya dakika 20. Chupa isiyo na sukari ilitoa mililita 3. Asilimia 1 ilitoa 21, asilimia 2 ikatoa 33, 5 ikatoa 46, 10 ikatoa 50, 15 ikatoa 49, na 25 ikaporomoka hadi 31.

Swali langu la kwanza lilikuwa ukubwa wa bomba. Kama lingekuwa la mililita 50, tusingekuwa na la kujadili: grafu ingelala kwa sababu bomba limejaa, na nimeshaona daftari za namna hiyo zikielezwa kwa aya nzima ya vimeng'enya. La kwake lilikuwa na nafasi bado.

La pili lilikuwa kama sukari iliisha. Hili linajibika kwa hesabu. Gramu moja ya sukari ya mezani ikichachuka yote hutoa karibu mililita 295 za hewa ya ukaa katika nyuzi joto 35. Chupa ya asilimia 5 ilikuwa na gramu 2.5, yaani akiba ya zaidi ya mililita 700, nayo ilitoa 46 tu. Hata ile ya asilimia 1 ilikuwa na akiba ya mililita 148 hivi. Kwa hiyo hakuna chupa iliyoishiwa. Ni muhimu kulitenga hili mapema, kwa sababu kuna kulala kwa aina mbili, na wanafunzi huzichanganya. Ukichora gesi dhidi ya muda, mstari hulala sukari inapokwisha au hamira inapochoka. Ukichora kasi dhidi ya kiasi cha sukari, kama alivyofanya huyu, mstari unalala sukari ikiwa bado tele. Maelezo ya kwanza hayafai kwa grafu ya pili.

Tuanze na upande wa kitabu, maana una hoja nzito. Sukari ya mezani ni sukrosi, na haiingii kwenye seli ya hamira hivi hivi. Kwanza kimeng'enya kiitwacho invatesi, kilichopo kwenye ukuta wa nje wa seli, huikata kuwa glukosi na fruktosi. Vipande hivyo hupitishwa ndani na protini maalumu za utando wa seli, ambazo ni kama milango, kisha mlolongo wa vimeng'enya vya ndani huvigeuza kuwa alkoholi na hewa ya ukaa. Kila hatua ina idadi fulani ya wafanyakazi. Sukari ikiwa chache, wengi wao wanasubiri kazi, hivyo ukiongeza sukari kasi inapanda. Ikiwa nyingi, wote wana kazi mkononi, na sukari ya ziada inapanga foleni. Grafu ya namna hii hupanda kwa kasi, hupinda, kisha hulala, na ndivyo namba zake za kuanzia 1 hadi 10 zinavyoonekana.

Tena somo hili lina historia yake ndani ya hamira yenyewe. Leonor Michaelis na Maud Menten walipochapisha mwaka 1913 kazi yao maarufu kuhusu kasi ya vimeng'enya, walitumia invatesi ya hamira na sukrosi. Wanafunzi wengi hukariri mlinganyo wao bila kujua walichokuwa wakilalamikia. Victor Henri alikuwa ametangulia na wazo lilelile miaka kumi kabla, lakini hakudhibiti kiwango cha asidi. Wao wakakidhibiti, wakapima kasi ya mwanzoni tu kabla mazao hayajalundikana, na namba zikatulia. Kwa maneno mengine, mstari uliolala wa vitabuni ulipatikana baada ya mtu kuhangaika na mambo mengine yote yasibadilike.

Hapo ndipo upande wa pili unapopata nguvu. Nilimwuliza mwanafunzi alipima chupa kwa mpangilio gani. Alikuwa na mabomba mawili tu, kwa hiyo alikwenda mbilimbili kuanzia sukari chache kwenda nyingi, nusu saa kila awamu. Jumla saa mbili. Kipimajoto kilisoma 35 mwanzoni, na alipokisoma tena mwishoni kilikuwa 31.

Beseni lilikuwa linapoa, na lilipoa sambamba na sukari kuongezeka. Sasa hesabu inauma. Kwa makisio ya kawaida, katika joto la kiasi hiki kasi ya uchachushaji hupungua karibu nusu kwa kila nyuzi 10 zinazoshuka, hivyo nyuzi 4 zinaweza kula karibu robo ya kasi. Chupa za 10 na 15 zilipimwa maji yakiwa karibu 33. Kama zingepimwa kwa 35, pengine zingefika 56 au zaidi, na mstari usingelala mapema hivyo. Mtu mwenye mashaka anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba sehemu ya "kujaa kwa vimeng'enya" ni kupoa kwa maji. Lakini naye asijisahau: robo ya 50 ikitoka inabaki 38 hivi, na chupa ya mwisho ilitoa 31. Baridi peke yake haitoshi kueleza kuporomoka kule.

Kuna kosa jingine dogo alilolifanya, na karibu kila mtu hulifanya. Kwa chupa ya asilimia 25 alipima gramu 12.5 za sukari akazimimina kwenye mililita 50 za maji. Sukari ikiyeyuka inachukua nafasi. Ujazo unafika karibu mililita 58, na asilimia halisi inakuwa kama 22. Dawa yake ni kuyeyusha sukari kwenye maji machache, kisha kuongeza maji mpaka alama ya 50. Kosa hili halibadilishi hoja, ila linasogeza nukta za kulia kwenye grafu.

Gesi inayoyeyuka ndiyo inayonisumbua zaidi kuliko ujazo. Mililita 50 za maji katika nyuzi 35 zinaweza kushika karibu mililita 30 za hewa ya ukaa kabla ya kuiachia. Chupa yenye kasi hujaza maji yake ndani ya zile dakika 10 za kusubiri, ila chupa ya asilimia 1 inaendelea kuyajaza wakati kipimo kimeshaanza. Hivyo inaonekana goigoi kuliko ilivyo, na mwanzo wa grafu unakuwa mkali kupita kiasi. Njia nzuri ni kusoma bomba kila dakika mbili, na kutumia ile sehemu ambayo ongezeko ni lilelile kila mara. Na ile 3 ya chupa isiyo na sukari? Sehemu ni hewa ya ndani ya chupa iliyotanuka kwa joto, sehemu ni akiba ya wanga ambayo hamira hujiwekea. Iondoe kwenye kila kipimo.

Je, unawezaje kuamua kati ya pande hizi mbili bila maabara ya chuo kikuu? Wengi wangesema ongeza hamira maradufu. Kwa bomba la mililita 60 hilo lingeharibu kila kitu, kwa hiyo nilimshauri apunguze hadi nusu gramu. Kama kinachoweka dari ni uwezo wa seli, dari itashuka kwa nusu, na itakaa kwenye asilimia zilezile za sukari. Kama ni bomba kukwama au mrija kuvuja, haitashuka kwa mpangilio huo. Safari hii alichanganya mpangilio wa chupa kwa kuokota vikaratasi, akawa anaongeza maji ya moto kidogokidogo kulinda 35.

Asilimia 5 ilitoa 24, 10 ikatoa 28, 15 ikatoa 28, na 25 ikatoa 19. Zidisha mara mbili ulinganishe na za mwanzo: 48, 56, 56, 38. Mstari umelala kweli, lakini umelala juu zaidi, na kati ya 5 na 10 bado kulikuwa na mpando ambao beseni lilikuwa limeuficha. Kitabu kilikuwa sahihi kuhusu dari, na mwenye mashaka alikuwa sahihi kuhusu mahali ilipo.

Anguko la asilimia 25 limebaki, na hapa habari ya vimeng'enya kujaa haisaidii kabisa, kwa sababu mfanyakazi aliyejaa kazi hapunguzi kasi. Mpishi wa maandazi analijua jambo hili bila grafu: unga wenye sukari nyingi huchelewa kuumuka. Maji yenye sukari kali huvuta maji kutoka ndani ya seli kwa osmosisi, seli inasinyaa, na nguvu yake inaelekezwa kutengeneza gliseroli ya kujikinga. Kulipima hili, alitengeneza chupa ya asilimia 10 akaongeza gramu 0.6 za chumvi, kiasi ambacho huvuta maji karibu sawa na sukari iliyozidi kati ya 10 na 25. Ilitoa 21, karibu na 19 kuliko 28. Chumvi ina ukali wake pia kwa hamira, kwa hiyo nisingeapa kwa kipimo hicho kimoja, ila kinaelekeza kidole upande mmoja.

Kinachobaki na utata ni kipande cha 10 hadi 15. Huenda seli zimejaa kazi, au huenda kupanda kidogo na kusinyaa kidogo vinafutana. Jaribio la nusu gramu halitenganishi mawili hayo, maana yote yangeshuka kwa nusu. Nami sipendi neno "vimeng'enya" likae peke yake kwenye jibu lake, kwani foleni inaweza kuwa kwenye invatesi, kwenye milango ya utando, au ndani. Akibadilisha sukrosi na glukosi ya uzito uleule na grafu isibadilike, invatesi imetoka kwenye orodha.

Nilimwambia aandike kwamba "uwezo wa seli kuchukua na kutumia sukari umefika kikomo kuanzia karibu asilimia 10, na juu ya 15 sukari yenyewe inaanza kuzidhuru seli". Aliuliza kama msahihishaji atalikubali. Nikamwambia aweke na neno vimeng'enya humo ndani, alama yake asiipoteze. Ameshanunua glukosi ya unga dukani, na wiki ijayo atarudia kila chupa mara tatu.