Kabla hamjagombana kuhusu pasiwedi, angalieni jina la waifai

Mi nadhani ugomvi mwingi wa pasiwedi za nyumbani unaisha haraka watu wakitazama ruta badala ya kutazamana. Kuna ndugu wawili wa Tabata nawafahamu vizuri, jioni moja dada mtu ana darasa la mtandaoni, simu ikamwambia pasiwedi sio sahihi, akamvaa mdogo wake hapohapo.

"We dogo, umebadilisha pasiwedi ili gemu lako lisikwame!"

"Dada haki ya Mungu sijagusa, hata mimi imenitoa."

Wakarushiana maneno weee, mpaka mama akaingilia akasema hebu tulieni kwanza. Dogo ndo akaona jina la waifai ni lilelile walilojiwekea wenyewe, sio la stika. Hapo ni pa kushika sana: kama mtu angebonyeza kile kitufe cha riseti kwa nyuma, jina lingerudi kuwa lile la kwenye stika chini ya ruta, na pasiwedi ya stika ingekubali. Jina likibaki na pasiwedi ikikataa, basi inaelekea kuna mtu kaingia kwenye seting akaibadilisha kwa makusudi.

Wakachomeka laptopu kwa waya, maana waya hauulizi pasiwedi ya waifai, wakafungua `192.168.1.1` (ruta nyingine anwani yake ni tofauti, soma stika), wakaingia kwa `admin` na `admin`, zilezile za kiwandani. Kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwa waifai kukawa na simu moja tu, na sio ya mtu wa mule ndani. Dogo akanyamaza, halafu akasema, "Dada, juzi nilimskanisha rafiki yangu wa nyumba ya pili kile kimraba cha waifai."

Dada alitaka kuwaka tena, ila seting alizipanga yeye mwenyewe ruta ilipoletwa na hiyo `admin` aliiacha hivyohivyo, akakubali kosa ni la wote. Na mimi hapa nasimama na dogo kidogo, kumpa jirani waifai sio dhambi, hatari kubwa ni ile pasiwedi ya seting kuachwa wazi, coz yeyote aliyeko kwenye waifai anaweza kuingia akawatoa wenye nyumba.

Basi wakabadilisha zote mbili, ya seting na ya waifai, maana ukibadilisha ya waifai tu mlango wa seting unabaki wazi vilevile, wakawasha na mtandao wa wageni wenye pasiwedi yake. Pasiwedi ya seting akaandika mama kwenye daftari lake la tokeni za luku, na wakakubaliana anayetaka kubadilisha chochote anamwambia mama kwanza. Rafiki wa dogo kapewa ile ya wageni, na dogo ndo alitumwa kwenda kuongea naye.