Miezi Sita Umelipa, Miwili Hukukaa, Pesa Ni ya Nani?

"Mwanangu, pesa ya kodi ikishaingia imeingia."

Hayo ndiyo majibu aliyopewa dadangu na mwenye nyumba, alipodai arudishiwe kodi ya miezi miwili, mbele ya nyumba aliyohama, Bamburi, Mombasa, mtoto mgongoni. Juu ya kichwa chake, kwenye ile ile roshani aliyokuwa akianika nguo zake, zinaning'inia shuka za mpangaji mwengine. Na mzee wa watu hana hata haya ya kuangalia pembeni.

Shemeji yangu ni baharia. Wenye jamaa melini wanajua mambo yalivyo: mkataba ukija, mtu huilipia familia nyumba kwa mkupuo kabla hajaondoka, asije akasumbuliwa na kodi akiwa kati ya bahari. Nyumba ilikuwa 20,000 kwa mwezi. Mzee akasema ukinipa ya miezi sita kwa pamoja nakuwekea 18,000. Zikatoka 108,000, Januari mpaka Juni, mbali na dipoziti. Machi mama mkwe akapatwa na kiharusi Malindi, na hana mtu wa kumgeuza kitandani. Dadangu akapeleka notisi ya barua tarehe 5 Machi. Karatasi yao ya mkataba, ukurasa mmoja tu, inasema notisi ni mwezi mmoja, kwa hiyo yeye alizidisha. Akakaa mpaka 30 Aprili, akapaka rangi, akamkabidhi keateka funguo na kumtilisha sahihi. Tarehe 11 Mei, nyumba ina watu.

Sasa tuelewane. Mei na Juni za nyumba hiyo zimeshalipwa na baharia. Mpangaji mpya naye analipa Mei na Juni. Chumba ni kimoja, choo ni kimoja, kodi ni mbili, na anayedai ndiye anaitwa msumbufu! Ikiwa biashara ndiyo hii, basi kila mwenye nyumba aombe dua wapangaji wake wapatwe na misiba mapema.

Wenye nyumba hupenda kuizungumza kodi ya mbele kama bei ya samaki: umenunua, umebeba, hurudishi. Lakini ile 108,000 haikununua kitu siku ilipotoka. Ya Januari iliiva Januari, ya Februari Februari. Ya Mei ilikuwa inamngoja Mei mfukoni mwa mwengine. Na kama karatasi mliyotia sahihi nyote wawili inamruhusu mpangaji kuondoka kwa notisi ya mwezi, basi notisi ikishamalizika hakuna tena upangaji wa kuilipia. Umezishika kwa sababu gani?

Hapa kuna jambo ambalo nitalikubali, ingawa roho inaniuma. Ile punguzo ilikuwa ya kulipa na kukaa miezi sita. Amekaa minne, basi minne ihesabiwe kwa bei ya kawaida: 20,000 mara nne, 80,000. Zinabaki 28,000, si 36,000 kama alivyokuwa akidai dadangu mwanzo. Mzee akisema nyumba ililala tupu siku kumi za mwanzo wa Mei, hiyo ni kama 6,500, na mkitaka kuachana kwa wema mnaweza kumwachia. Ila si haki yake. Notisi alipewa ili atafute mtu, na alikuwa na karibu miezi miwili ya kutafuta.

La pili silipendi, lakini ndivyo lilivyo. Kama mkataba wako unasema umepanga kwa miezi sita kamili na hauna kifungu cha kutoka katikati, mkono wako ni mfupi. Uliahidi miezi sita. Hapo silaha uliyonayo ni yule mpangaji mpya: tarehe aliyoingia, na ushahidi kwamba analipa. Bila yeye, jitayarishe kuomba, si kudai.

Na kuna mtego ambao watu wengi hawauoni. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012, kifungu cha 57, inasema kama hamkuandikiana muda wala notisi, upangaji huhesabiwa kwa kipindi ambacho kodi hulipwa, na notisi isipungue kipindi hicho. Unalipa kila mwezi, notisi ni mwezi. Sasa fikiria risiti iliyoandikwa "kodi ya miezi sita, 108,000" basi, hakuna neno jengine. Wakili mjanja atasimama aseme kodi yenu ilikuwa ya miezi sita sita, kwa hivyo notisi yako ilitakiwa kuwa ya miezi sita. Na pesa zikiwa zilipita kwa M-Pesa kwenda kwenye simu ya mzee, ujumbe utaonyesha jina, kiasi na saa. Hautasema zilikuwa za nini.

Ndiyo maana nawaambia jamaa zangu: kabla hamjatoa hata senti ya mwezi wa pili, muandike hivi kwenye mkataba, kwa kalamu hata kama umechapwa, na nyote mtie sahihi pembeni: "Kodi ni shilingi 20,000 kwa mwezi. Mpangaji amelipa 108,000 za Januari hadi Juni. Akitoa notisi ya mwezi mmoja na kukabidhi funguo, miezi aliyokaa itahesabiwa kwa 20,000 na salio litarudishwa ndani ya siku 14." Mwenye nyumba akigoma kuandika hayo, ameshakwambia atakavyofanya siku ukihama. Mlipe mwezi mwezi, hiyo punguzo abaki nayo.

Dalali usimtegemee. Akishachukua chake, simu yake haipatikani.

Nimesikia watu wakimwambia dadangu aende kwenye baraza la kodi za nyumba. Sheria yenyewe inalinda nyumba zisizozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Anayejua nyumba ya 2,500 Bamburi anitumie ramani, nihamie leo.

Pa kwenda ni Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria yake ya 2016 inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kubwa ni jinsi unavyoliandika dai. Usiende ukalia kwamba nyumba hii nyumba ile, ukaonekana unagombania makao. Mahakama hiyo haisikilizi ugomvi wa nani akae wapi. Sema kuna pesa zako mikononi mwa mtu, upangaji uliisha tarehe fulani, na hesabu ni hii. Kwanza lakini mpelekee barua ya madai yenye hesabu hiyo na siku ya mwisho ya kulipa, na ubaki na nakala aliyoitilia sahihi au picha ya ujumbe uliomtumia.

Dadangu alikuwa na vitu vinne kwenye bahasha ya khaki: mkataba, notisi, ile karatasi ya funguo yenye sahihi ya keateka, na taarifa ya M-Pesa ya shemeji. Barua ilikwenda Jumatatu. Jumatano mzee, ambaye pesa yake ikishaingia imeingia, akapiga simu mwenyewe. Anasema ana 15,000, na eti tuzichukue kwa sababu sisi ni watu wa dini.

Tumemjibu kwa heshima kwamba dini hiyo hiyo inatambua 28,000, na kwamba akitaka kulipa kwa awamu mbili aandike tarehe.