Mtihani wa cheti cha mkulima: swali la kuchagua au kisa cha shambani?

"Tunaandaa mtihani wa cheti kwa wakulima wa mahindi waliomaliza msimu wa shamba darasa. Wenzangu wanataka maswali mafupi ya kuchagua jibu, mimi nataka visa vya shambani. Nani yuko sahihi?"

Naanza na upande wa wenzako, maana sisi tunaopenda visa huwa tunaupita mbiombio. Swali fupi lina jibu moja. Afisa ugani wa kata hii na mwenzake wa kata ya jirani watalisahihisha sawasawa, na mkulima hatapata alama chache kwa sababu tu karatasi yake iliangukia kwa msahihishaji mkali. Mama aliyeacha shule darasa la nne anaweza kulisoma bila kuhangaika na aya nzima. Tena yako mambo ambayo mkulima anapaswa kuyajua kwa moyo. Mkanda mwekundu kwenye lebo ya kiuatilifu ni alama ya sumu kali kabisa, na siku za kusubiri kati ya kunyunyiza na kuvuna hufuatwa kama zilivyoandikwa. Hapo sihitaji kisa, wala sitaki mtu apime mwenyewe.

Tatizo linaanza pale swali fupi linapoingia kwenye mambo yasiyo na jibu moja. Chukua nafasi ya kupandia, swali ambalo halikosekani: "Nafasi sahihi ya mahindi ni ipi? (a) sentimita 75 kwa 30 (b) sentimita 75 kwa 60 (c) sentimita 90 kwa 50." Mtunzi ameweka tiki kwenye (a). Lakini 75 kwa 30 kwa mbegu moja kila shimo inatoa mimea 44,444 kwa hekta. 75 kwa 60 kwa mbegu mbili inatoa mimea 44,444. Na 90 kwa 50 kwa mbegu mbili inatoa mimea 44,444 vilevile. Mkulima aliyepanda 75 kwa 60 maisha yake yote na kuvuna vizuri anakosa alama kwa kujibu kile anachokifanya, na kosa ni la mtunzi aliyesahau kutaja idadi ya mbegu kwa shimo.

Swali hilo ukiligeuza kuwa kisa, linakuwa hivi: Mkulima amepanda 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo. Siku tano baada ya mahindi kuchomoza, ardhi ikiwa bado na unyevu, ananyoosha kamba ya mita 10 juu ya mstari na kuhesabu miche 25. Afanye nini? Anayejua kazi atakumbuka kwamba kwenye mita 10 ilipaswa kuwepo miche 33 hivi, kwa hiyo amepoteza robo ya shamba. Kwa eka, badala ya mimea 18,000 amebaki na kama 13,500. Kabla ya kurudishia mbegu atafukua mashimo matupu machache aone kilichotokea: mbegu imeoza, imeliwa na panya, au ilizikwa chini mno na chipukizi limejikunja njiani. Akikuta ni panya, kurudishia bila kuwashughulikia ni kuwaongezea chakula.

Sasa badilisha neno moja tu kwenye kisa hicho. Badala ya siku tano, sema wiki nne. Kurudishia kumekuwa kazi bure, kwa sababu mche mpya utafunikwa na kivuli cha wenzake na hautabeba kitu cha maana. Jibu linakuwa kuacha, kupalilia vizuri, na kupima mbolea ya kukuzia kwa mimea iliyopo, si kwa ukubwa wa eka. Hesabu ni ileile na uamuzi ni mwingine. Swali la kuchagua nafasi haliwezi kukuonyesha nani anaijua tofauti hiyo.

Kwenye wadudu ndipo visa vinapong'ara, na ndipo pia vinapoharibika vibaya zaidi. Kiwavijeshi vamizi, aliyeonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, anaulizwa karibu kila mtihani wa mahindi. Swali fupi linauliza alama zake: mstari mfano wa herufi Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne yaliyokaa kama pembe za mraba karibu na mkia. Ni swali halali, kwa kuwa funza wa mabua naye hutoboa vidirisha kwenye majani machanga, na asiyewatofautisha atakosea kila kinachofuata. Baada ya hapo linakuja lile la kiwango: "Unyunyize mimea mingapi kati ya 100 ikiwa imeshambuliwa?" Miongozo inasema takribani 20 mahindi yakiwa machanga na takribani 40 yakikaribia kutoa mbelewele, na mkulima mdogo hashauriwi kunyunyiza mbelewele zikishatoka. Wanafunzi wanakariri 20.

Kisa nilichokuja kukiamini ni hiki. Shamba la eka moja, mahindi yana majani sita. Mkulima amepita kwa njia ya herufi W, akasimama vituo vitano, akakagua mimea 20 kila kituo. Mimea 45 kati ya 100 ina majani yenye matundu na vidirisha. Lakini anapofunua katikati ya mmea, pale majani machanga yanapojikunja, jani jipya ni safi. Kinyesi kinachofanana na unga wa mbao ni kikavu, na kwenye mimea yote 100 amekuta viwavi hai watatu. Anyunyize?

Aliyekariri 20 atanyunyiza, maana 45 imevuka mbali. Aliyefundishwa vizuri atasema hapana. Matundu yale ni ya siku zilizopita. Jani lililokwisha kutoboka halizibiki, litabaki na matundu mpaka mavuno hata shambani pasiwe na kiwavi hata mmoja. Kinachohesabiwa ni mashambulizi mapya: jani changa lililoliwa, kinyesi kibichi, kiwavi mwenyewe. Watatu kwa 100 wanaokotwa kwa mkono, kisha anarudi kukagua baada ya siku chache. Sumu angeipoteza bure, na angeua sisimizi na nyigu ambao pengine ndio waliomwondolea viwavi.

Upande wa pili unapinga hapa, na unapinga kwa haki. Kwanza, kisa kinahitaji namba zilizopimwa. Ningeandika kwamba mimea yenye mashambulizi mapya ni 18 kati ya 100, ningekuwa nimemtega mkulima. Ile 20 haikatwi kama kwa kisu. Miongozo yenyewe inaruhusu uamuzi uanzie 10 hadi 30, kulingana na hali ya mazao, mvua na gharama ya kunyunyiza. Mkulima wa ardhi yenye rutuba na mvua nzuri anaweza kuiacha 18 na akawa sahihi, na mwenzake ambaye mahindi yake yamedumaa kwa ukame anyunyize na naye awe sahihi. Kwa hiyo kisa kiwe mbali na mpaka, 5 au 50, au kama kiko mpakani alama nyingi zaidi zitolewe kwa sababu kuliko kwa uamuzi, na uamuzi wowote wenye sababu nzuri ukubaliwe. Mimi hugawa alama tano hivi: mbili kwa uamuzi, tatu kwa sababu. Aliyesema "nanyunyiza" kwa mashambulizi mapya 18, akaeleza kwamba mvua imekatika na mmea hauna nguvu ya kutoa majani upya, anapata zote tano.

Pili, na hii ndiyo hoja inayonisumbua zaidi: kisa cha karatasi kinamfanyia mkulima nusu ya kazi. Nimeshamwandikia kwamba kinyesi ni kikavu na jani jipya ni safi. Shambani hakuna anayemwambia aangalie kinyesi. Atakayefaulu kwangu anaweza kusimama kwenye mahindi yake, akaona matundu na kukimbilia bomba la kunyunyizia, kwa sababu ustadi wa kuona haukupimwa. Kwa hiyo mnaobishana mmesahau njia ya tatu, ambayo shamba darasa lenyewe linayo tangu zamani: jaribio la sanduku la kura. Swali linatundikwa shambani kando ya mmea halisi, chini yake kuna visanduku vitatu vya majibu, kila mshiriki ana karatasi zenye namba yake, na anadumbukiza moja kwenye jibu analoliamini. Asiyesoma anasomewa, lakini mmea anautazama kwa macho yake.

Nalo lina kasoro. Visanduku vitatu vinampa hata aliyefumba macho nafasi moja kati ya tatu, kwa hiyo kwenye maswali 21 atapata kama saba bila kujua chochote. Na kisanduku hakiulizi "kwa nini". Dawa yake ni ndogo: kwenye vituo vinne au vitano anakaa msahihishaji mwenye karatasi ya sababu, na mshiriki anaeleza kwa mdomo kabla ya kudumbukiza. Wakulima 25 kwa dakika mbili kila mmoja ni chini ya saa nzima kwa kituo. Ni gharama ya watu, sikatai, na wenzako wataitaja.

Udongo nausemea kwa ufupi, kwa kuwa wenyewe hautaki kisa cha haraka. "Majani ya zambarau ni dalili ya upungufu gani?" Jibu linalotarajiwa ni fosforasi. Lakini kwenye baridi ya Njombe, mche wa wiki mbili unaweza kuwa na rangi hiyo ilhali mbolea ya kupandia iliwekwa kamili, kwa sababu mizizi imepooza kwa baridi na haifyonzi. Ung'oe mche mmoja uangalie mizizi, subiri majani mapya, usimwage mbolea nyingine ya fosforasi juu ya ardhi, kwani haisafiri kuifuata mizizi. Hicho kinafaa kuwa kisa. Kinachohusu tindikali ya udongo hakifai, isipokuwa unampa mkulima majibu ya maabara mkononi, maana hakuna jani litakalomwambia kwamba pH ni 5.

Kwa hiyo gawio langu, kwa mtihani wa maswali 20, ni maswali sita mafupi ya usalama wa viuatilifu na utambuzi wa wadudu, sita ya sanduku la kura, vituo vitano vya kueleza sababu, na visa vitatu vya karatasi kwa mambo yanayohitaji muda kupita, kama lile la wiki nne. Mimea ya vituo ambayo haioti palepale ichimbwe alfajiri ya siku ya mtihani pamoja na udongo wake na iwekwe kivulini. Ikikaa juani hadi saa sita majani yatasinyaa na kinyesi kibichi kitakuwa kimekauka, na mkulima wa mwisho kwenye foleni atakuwa anajibu swali tofauti na lile alilojibu wa kwanza.