Mtangazaji wa katuni: mstari mmoja au aya nzima?

"Kwa nini niandike aya nzima kuieleza akili mnemba mtangazaji wa katuni ninayemtaka, wakati mstari mmoja unanipa video nzuri tu?"

Wanaotetea mstari mmoja wana hoja. Iambie akili mnemba "mwanamke mchangamfu anatangaza huduma ya dobi", nayo itakuletea sura safi, pengine ya kuvutia kuliko uliyoiwaza. Na maelezo yakizidi hugongana: mtake ashike pasi, apunge mkono na aonyeshe saa kwa mpigo, vidole vitaanza kuyeyuka.

Lakini tangazo la huduma linauza ahadi, na ahadi hubebwa na sauti. Usipomwandikia maneno, atajitungia yake.

Chukua Veo 3, akili mnemba ya Google ya kutengeneza video, ambayo klipu yake ya kawaida ni ya sekunde 8. Watu hupima usemi kwa idadi ya maneno, mazoea ya Kiingereza. Kwetu kipimo hicho kinadanganya, maana "tunazifuata" ni neno moja lenye silabi sita. Mimi huhesabu silabi, tano kwa sekunde kwa mwendo wa utulivu. "Nguo zako tunazifuata asubuhi, jioni zinarudi zimepigwa pasi" ni maneno manane tu, ila silabi 27: sekunde tano na nusu hivi. Inabaki nafasi ya kuvuta pumzi na kutabasamu. Ongeza "kwa bei nafuu kuliko kwingine kote mjini", umefika silabi 44, karibu sekunde tisa. Hapo ataropoka mbiombio, au "mjini" itakatwa katikati. Bei nayo iandike kwa maneno, "elfu tano", kwa kuwa tarakimu zinaweza kusomwa Kiingereza.

Ndiyo maana naitetea aya nzima, mradi isijazwe sifa. "Mchangamfu" ni neno lisilo na mwili. "Anatabasamu kabla ya kusema, akifika kwenye neno jioni, ananyanyua shati lililokunjwa" ni kitendo kimoja chenye wakati wake, na mashine inakiweza. Sauti vilevile: mwanamke wa makamo, sauti nzito kidogo, anaongea kama na jirani, bila muziki nyuma.

Mandhari yanatosha kwa sentensi moja: meza ya pasi, nguo zilizotundikwa, mwanga wa dirisha kushoto, kibao kitupu ukutani. Kiache kitupu kweli, kwani herufi hujipinda. Jina na namba ya simu utaviweka wakati wa kuhariri. Ukitaka klipu ya pili, nakili maelezo ya mtangazaji neno kwa neno, la sivyo kitenge chake cha bluu kitarudi kijani.

Klipu ikitoka, kwanza ifiche picha usikilize. Mkazo wa "asubuhi" uwe kwenye "bu". Ukihamia kwingine, mteja atasikia mgeni anayesoma, hata midomo ikienda sawa. Badili neno, toa klipu upya.