Tawi jipya linapotangazwa, muuzaji aandike au anyamaze?

"Meneja mpya kiti hakijapata joto, tayari wauzaji wanamwandikia 'hongera', halafu chini yake orodha ya bei. Huu si unafiki?"

Kwa barua nyingi za aina hiyo, lawama ni ya haki. Aliyeteuliwa juzi hupokea pongezi za watu asiowajua, zote zikiishia kwenye kuuziwa kitu. Wengine hufika mbali zaidi: wanaichukua namba yake kwenye kundi la WhatsApp na kumpigia usiku. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, anayetafuta kazi ya ofisi aandike kwa anwani ya ofisi. Tena wapo wanaopongeza bila kuuliza nafasi ilipatikanaje. Kama aliyetangulia alifariki, "hongera" hiyo inaumiza ofisi nzima.

Hata hivyo, ninaona wengi wanatupa mbegu pamoja na makapi. Barua isiyo na sababu yoyote, ile ya "sisi ni kampuni inayojishughulisha na...", ndiyo inayompotezea mtu muda zaidi. Tukio jipya, hasa upanuzi, linaweza kuleta hitaji ambalo jana halikuwapo, na anayelijua hitaji hilo ana haki ya kubisha hodi.

Tuchukue duka kubwa la vyakula la Dar es Salaam linalotangaza nafasi za keshia na msimamizi wa bucha kwa tawi la Dodoma. Fundi wa majokofu aliyeko Dodoma akisoma tangazo hilo, anaona mengi. Penye bucha pana chumba baridi. Fundi anayehudumia maduka ya Dar yuko mbali. Hata kwa treni ya SGR ni zaidi ya saa tatu, achilia mbali muda wa kumpata na kukusanya vipuri. Nyama inatakiwa ikae kwenye nyuzi 4 au chini yake. Kompresa ikizima saa nne asubuhi na fundi akafika jioni, hasara imeshaanza kuhesabiwa. Mkataba uliotosha kwa matawi ya Dar hautoshi tena, na huenda ofisini hakuna aliyelifikiria jambo hilo, kwa sababu macho yote yako kwenye siku ya ufunguzi.

Basi anaandika hivi:

"Nimeona tangazo lenu la msimamizi wa bucha, tawi la Dodoma. Ninahudumia vyumba baridi hapa mjini. Nikiitwa asubuhi ninafika siku hiyohiyo. Kama aliyewafungia mitambo hana fundi Dodoma, naomba dakika kumi za simu na anayesimamia mitambo. Kama mmeshampata mtu, nijibuni 'tayari' tu, sitawasumbua tena."

Tazama anachoomba. Haombi kufunga mitambo, kwa kuwa hadi keshia anatafutwa, kwa kawaida mitambo imeshaagizwa. Anaomba matengenezo, kazi ambayo bado inaweza kuwa wazi. Hapo ndipo wengi wanapokosea, na ni kosa linalonisikitisha kwa sababu huwaangusha hata mafundi hodari. Wanasubiri picha za kukata utepe ndipo waandike, wakati siku hiyo meza, kamera na walinzi vimeshapata wenyewe. Anayetaka kuuza meza aanze kufuatilia jengo linapopangishwa. Mwenye kazi ya matengenezo anaweza kuanza tangazo la ajira linapotoka. Anayeuza mifuko na karatasi za risiti hata mwezi wa kwanza wa biashara hajachelewa, maana ndipo matumizi halisi yanapoonekana.

Kwa meneja mpya hoja inapungua nguvu. Amerithi mikataba yenye muda wake na masharti ya kuivunja, na wiki za mwanzo anajifunza nani anafanya nini. Barua ya kumtaka anunue sasa inamwomba jambo ambalo pengine hana uwezo wa kuliamua. Inayofaa ni fupi na haina bei: inamweleza huduma gani inapatikana na wapi, kisha inamwomba nafasi ya kushindana mkataba uliopo ukikaribia kuisha. Tarehe hiyo ataijua akishapitia mafaili, na mwandishi anaweza kumuuliza kwa adabu baada ya miezi miwili au mitatu.

Kwa mkurugenzi mpya wa taasisi ya umma, barua ya namna hii haifungui kitu. Ununuzi wa serikali Tanzania unapita kwenye mfumo wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023. Mzabuni ajisajili humo, afuatilie zabuni za taasisi hiyo, na ajibu inapotangazwa.